Kuripoti PCA kwenye makala ya kutengeneza kipimo: njia zilizozoeleka, na ipi uchague

Ukisoma makala za kutengeneza vipimo vya saikolojia, elimu au afya, hukawii kukutana na sentensi ya aina hii: "Uchambuzi wa vijenzi vikuu wenye mzunguko wa Varimax ulitoa vijenzi sita vyenye thamani aigeni zaidi ya 1, vinavyoeleza asilimia 58 ya variansi yote." Chini yake huwekwa jedwali lenye nafasi nyingi tupu, kisha mwandishi anaendelea na alfa ya Cronbach kama vile mambo yamekwisha.

Sentensi hiyo inaonekana kamili, lakini ndani yake mna maamuzi manne: kwa nini vijenzi sita, kwa nini Varimax, kwa nini jedwali lina nafasi tupu, na kwa nini uchambuzi wa vijenzi vikuu, yaani PCA, badala ya uchambuzi wa faktari. Kila uamuzi una mbadala wake. Hapa nitaziweka njia hizo bega kwa bega na kusema ninayoegemea, nikitumia data ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kunikosoa.

Data yenyewe ni `bfi`, inayopatikana kwenye kifurushi cha `psychTools` cha programu ya R. Ina kauli 25 za haiba zinazojibiwa kwa ngazi 1 hadi 6. Zimepangwa tano tano kwa sifa tano: A ni upatanifu, C ni umakini wa kazi, E ni uchangamfu, N ni wepesi wa hasira na wasiwasi, na O ni uwazi wa fikra. Watu waliojibu ni 2800, na ukiwaondoa wenye jibu lolote lililokosekana kwenye kauli hizo wanabaki 2436. Waliotunga kauli walitarajia sifa tano. Kumbuka hilo, kwa sababu sentensi niliyoanza nayo inatokana na data hii hii, nayo imetoa sita.

Vijenzi vingapi vibaki: kanuni ya 1, jicho kwenye grafu, au kulinganisha na bahati nasibu

Thamani aigeni saba za mwanzo za `bfi` kwa watu 2436 ni hizi: 5.13, 2.75, 2.14, 1.85, 1.55, 1.07 na 0.84. Zote 25 zikijumlishwa zinatoa 25, yaani idadi ya kauli, kwa kuwa kila kauli iliyosanifishwa huleta variansi ya 1.

Kanuni ya Kaiser inasema bakiza kila kijenzi kilicho juu ya 1. Hoja yake inaeleweka: kijenzi kisichobeba hata variansi ya kauli moja kina faida gani? Kwa hesabu hiyo vinabaki sita, na jumla yake ni 14.50 kati ya 25, ndiyo ile asilimia 58. Uzuri wa kanuni hii ni wepesi. SPSS huitumia usipogusa kitu, na ndiyo maana imejaa kwenye makala.

Kasoro yake ni kwamba hoja ile inasimama pale tu unapokuwa na watu wote duniani, siyo sampuli. Chukua kauli 25 zisizohusiana kabisa, watu wakijibu ovyo. Kwenye idadi yote ya watu kila thamani aigeni ingekuwa 1 kamili. Kwenye sampuli haziwi hivyo: nyingine hupanda juu ya 1 na nyingine hushuka, kwa bahati tu. Ukizihesabu utakuta kama 12 zimevuka 1. Kwa maneno mengine, kanuni ya Kaiser ingekubakizia vijenzi kama 12 kutoka kwenye data isiyo na chochote ndani yake.

Njia ya pili ni grafu ya mteremko, iliyopendekezwa na Cattell mwaka 1966. Unachora thamani kwa mpangilio wake na kutafuta mahali mteremko unapogeuka kuwa tambarare. Tuijaribu hapa. Kutoka ya tano kwenda ya sita kuna pengo la 0.47. Kutoka ya sita kwenda ya saba pengo ni 0.23, na baada ya hapo tofauti zinakuwa ndogo ndogo. Msomaji mmoja ataona kiwiko baada ya tano, mwingine ataapa kwamba kiko baada ya sita, na wote wawili wana hoja. Grafu ni nzuri kumwonyesha msomaji, lakini haifai kubeba uamuzi peke yake. Hata ukiiweka kwenye makala, orodhesha namba zenyewe, kwani kwenye picha ndogo ya jarida 1.07 na 0.84 hazitofautishiki.

Njia ya tatu ni uchambuzi sambamba wa Horn, wa mwaka 1965. Unatengeneza data ya bahati nasibu yenye idadi ile ile ya watu na kauli, unakokotoa thamani aigeni zake, unarudia mara nyingi, kisha unabakiza vijenzi vya data yako vinavyoishinda bahati nasibu nafasi kwa nafasi. Cha kwanza kinashindana na cha kwanza, cha sita na cha sita. Msimbo wake ni mfupi:

```r
d <- na.omit(psychTools::bfi[, 1:25])
n <- nrow(d); p <- ncol(d)
halisi <- eigen(cor(d))$values
set.seed(1965)
nasibu <- replicate(1000,
  eigen(cor(matrix(rnorm(n * p), n, p)))$values)
kikomo <- apply(nasibu, 1, quantile, 0.95)
round(cbind(halisi, kikomo)[1:8, ], 2)
```

Kijenzi cha tano, chenye 1.55, kinapita bila shida. Cha sita kina 1.07, wakati kikomo cha nafasi hiyo kwa watu 2436 kiko karibu 1.1. Kimekosa kwa kiasi kidogo, lakini kimekosa. Vinabaki vitano, jumla 13.43, sawa na asilimia 53.7.

Hapo ndipo waandishi wengi husita, maana asilimia 58 inapendeza kuliko 53.7. Hofu hiyo haina msingi. Kila kijenzi unachoongeza lazima kiongeze asilimia, hata kama ni kelele tupu. Ukibakiza vyote 25 utapata 100. Asilimia ya variansi ni matokeo ya uamuzi wako, kwa hiyo usiitumie kuutetea uamuzi huo huo.

Kwa sampuli kubwa namna hii kanuni ya Kaiser na uchambuzi sambamba vimetofautiana kwa kijenzi kimoja tu. Sampuli ikiwa ndogo pengo hupanuka. Kwa kauli hizo 25 na watu 150 tu, kikomo cha nafasi ya sita huvuka 1.2, na vya nafasi za mbele yake huwa juu zaidi. Kwa wenye dodoso lililojazwa na wanafunzi wa chuo kimoja, hapo ndipo kanuni ya 1 huzaa vijenzi vyenye kauli mbili mbili ambavyo mwandishi hulazimika kuvitafutia majina.

Kwa hiyo kati ya hizi tatu ninaegemea uchambuzi sambamba, na ninataka makala iseme mambo manne yanayouhusu: marudio mangapi, kikomo ni wastani au asilimia 95, data ya nasibu ilitengenezwaje, na mbegu iliyotumika. La nne hudharauliwa, lakini pale kijenzi kinapokosa kwa 0.02 au 0.03 tu, ndilo linalomwezesha mwingine kufika ulipofika. Ukitumia kitendakazi cha `fa.parallel`, angalia pia kwamba kinatoa majibu mawili, moja la faktari na lingine la vijenzi. Nimeona miswada iliyoripoti PCA huku idadi imenukuliwa kutoka mstari wa faktari.

Je, nadharia inayotarajia tano isitajwe? Itajwe, tena waziwazi, lakini isijifiche nyuma ya takwimu. Pale takwimu na nadharia zinapopishana, endesha suluhisho zote mbili na umwambie msomaji kijenzi cha ziada kilikusanya kauli zipi. Kikiwa na kauli mbili zinazofanana maneno, sababu umeiona. Kwenye `bfi`, N1 ni kukasirika upesi na N2 ni kuudhika upesi, na uhusiano wao unafika karibu 0.7, jozi kama hiyo iko tayari kujitenga na kuunda kijenzi chake ukiongeza idadi kupita kiasi.

Varimax au mzunguko wa mshazari

Varimax huzungusha vijenzi huku ikivilazimisha visihusiane. Oblimin na Promax huviacha vihusiane kama data inavyotaka. Faida ya Varimax ni kwamba jedwali ni moja na kila namba ina maana moja: uzito wa kauli kwenye kijenzi ndio pia uhusiano wake na kijenzi hicho. Kwa mzunguko wa mshazari namba hizo mbili zinaachana, na unapata majedwali mawili. Jedwali la mpangilio linaonyesha mchango wa kijenzi kimoja vingine vikiwa vimedhibitiwa. Jedwali la muundo linaonyesha uhusiano mbichi wa kauli na kijenzi.

Tuone kwa namba nilizotunga ili hesabu ionekane, vijenzi viwili vikihusiana kwa 0.40, na h² ikiwa ni sehemu ya variansi ya kauli inayoelezwa na vijenzi vyote kwa pamoja:

| Kauli | Mpangilio I | Mpangilio II | Muundo I | Muundo II | h² |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 0.71 | 0.02 | 0.72 | 0.30 | 0.52 |
| 2 | 0.62 | 0.10 | 0.66 | 0.35 | 0.44 |
| 3 | 0.45 | 0.36 | 0.59 | 0.54 | 0.46 |
| 4 | −0.05 | 0.68 | 0.22 | 0.66 | 0.44 |

Chukua kauli ya 2. Muundo wake kwenye kijenzi I ni 0.62 + 0.40 × 0.10, yaani 0.66. Kwenye kijenzi II ni 0.10 + 0.40 × 0.62, yaani 0.35. Ile 0.35 haisemi kwamba kauli inapima kijenzi II. Imeazimwa kupitia uhusiano wa vijenzi vyenyewe. Mwandishi akichukua jedwali la muundo na kuliita tu "uzito", msomaji ataona kauli zimechanganyikana kila mahali na atashauri zifutwe bila sababu.

Sifa za watu kwa kawaida huhusiana, na mtu anayetengeneza kipimo chenye vipimo vidogo mara nyingi anakusudia kuvijumlisha kuwa alama moja. Huwezi kudai kwenye sehemu ya mbinu kwamba vijenzi havihusiani, kisha kwenye majadiliano ukavijumlisha kwa sababu vinahusiana. Kwa hiyo naanza na mshazari. Mahusiano ya vijenzi yakitokea kuwa madogo yote, tuseme chini ya 0.2 au hapo karibu, Varimax itakupa karibu picha ile ile na unaweza kuitumia kwa wepesi wake, ukisema kwamba ulikagua kwanza. Ukibaki na mshazari, ripoti jedwali la mpangilio kwenye makala, jedwali la mahusiano ya vijenzi chini yake, na la muundo kwenye kiambatisho.

Kuna kosa moja linalojirudia hapa. Ile 5.13 ya kijenzi cha kwanza, sawa na asilimia 20.5, ni ya kabla ya kuzungusha. Ukishazungusha kwa Varimax, jumla ya vijenzi vitano inabaki 53.7 lakini mgawanyo wake ndani unabadilika. Jedwali lenye uzito wa baada ya mzunguko na asilimia za kabla ya mzunguko kwenye safu ya chini linachanganya suluhisho mbili. Unaweza kulikagua hata la mwenzako: kwa Varimax, pandisha kila namba ya safu kwenye kipeo cha pili, jumlisha, gawa kwa idadi ya kauli, isipolingana na asilimia iliyoandikwa, umeligundua. Kwa mshazari usigawe asilimia kijenzi kwa kijenzi hata kidogo, maana variansi ya pamoja haina mwenyewe mmoja. Toa jumla basi.

Jedwali kamili au lenye nafasi tupu

Hili ni fupi. Programu hukuruhusu kuficha uzito ulio chini ya 0.40, na jedwali linakuwa safi kweli. Rudi kwenye kauli ya 3 hapo juu: 0.45 na 0.36. Ukificha, 0.36 inatoweka na kauli inaonekana mali ya kijenzi I peke yake, safi kama kauli ya 1. Msomaji ananyimwa jambo hasa analotaka kulijua, kwa kuwa kwenye sampuli nyingine kauli hiyo ndiyo ya kwanza kuhama. Chapa namba zote, kisha koleza zile kubwa ili jicho lipumzike. Jarida likibana nafasi, weka jedwali kamili kwenye kiambatisho, lakini kwenye matini taja kila kauli ambayo pengo kati ya uzito wake wa kwanza na wa pili ni dogo, na useme uliiacha au uliitoa kwa nini.

Alama za kutoa ziachwe pia. Kwenye `bfi` kauli A1, C4, C5, E1, E2, O2 na O5 zinaelekea kinyume. Ama uzigeuze kabla ya kuchambua na useme hivyo, ama uziache na uzito wake uonekane na alama ya kutoa. Kinachomvuruga msomaji ni jedwali ambalo alama zimefutwa "kwa urahisi".

PCA au uchambuzi wa faktari

Hili ndilo swali ambalo mhakiki makini huanza nalo, na jibu la kwamba "matokeo hufanana" ni kweli pale tu kauli zikiwa nyingi na zinahusiana sana. PCA hufupisha variansi yote ya kauli, pamoja na ile ya kauli yenyewe na makosa ya upimaji. Uchambuzi wa faktari hushughulika na variansi ya pamoja tu. Tofauti hiyo inaonekana moja kwa moja kwenye uzito, na inaweza kukokotolewa kwa kalamu.

Tuseme kijenzi kina kauli tano, kila jozi ikihusiana kwa 0.30. Thamani aigeni ya kwanza ni 1 + 4 × 0.30, yaani 2.20. Gawa kwa tano upate 0.44, tafuta kipeuo chake cha pili: uzito wa PCA ni 0.66. Uzito wa faktari ni kipeuo cha 0.30, yaani 0.55.

Sasa chukua kauli tatu zinazohusiana kwa 0.16 tu, uhusiano hafifu. Thamani aigeni ni 1 + 2 × 0.16, yaani 1.32. Gawa kwa tatu: 0.44 tena. Uzito wa PCA ni 0.66 ule ule! Uzito wa faktari ni 0.40. Na alfa? Kwa kauli tano ni 0.68, kwa kauli tatu ni 0.36.

Majedwali mawili ya PCA yenye uzito unaofanana kabisa, na kipimo kimoja kinatumika huku kingine hakitumiki. Zaidi ya hapo, kwa kauli tatu uhusiano ukididimia kuelekea sifuri, uzito wa PCA haushuki chini ya 0.58, ambacho ni kipeuo cha theluthi moja. Kwa hiyo kigezo cha "tulibakiza kauli zenye uzito wa 0.40 na kuendelea" hakichuji chochote kwenye kijenzi kidogo. Dalili ya kuiangalia ni hii: uzito wote unazidi 0.6 lakini alfa iko chini ya 0.5. Ukiona hivyo, rudi kwenye mahusiano ya kauli zenyewe.

Kama lengo lako ni kudai kwamba kuna sifa fiche inayosababisha majibu, ambalo ndilo lengo la karibu kila makala ya kipimo, chagua uchambuzi wa faktari. PCA ina nafasi yake pale unapotaka kupunguza kauli nyingi ziwe alama chache bila kudai chanzo, kwa mfano kielelezo cha hali ya uchumi wa kaya kinachojengwa kwa mali kama baiskeli, redio na bati. Ukishaamua PCA kwa kipimo chako, iite PCA hadi mwisho. Kijenzi kisigeuke kuwa faktari kikifika kwenye majadiliano.

Aya inayotosha kwenye makala

Kwa `bfi`, badala ya sentensi ya mwanzo ningeandika hivi:

"Kauli 25 zilichambuliwa kwa PCA kwenye jedwali la mahusiano ya Pearson (watu 2436 wenye majibu kamili kati ya 2800). Thamani aigeni saba za kwanza zilikuwa 5.13, 2.75, 2.14, 1.85, 1.55, 1.07 na 0.84. Uchambuzi sambamba (seti 1000 za data ya nasibu yenye mgawanyo wa kawaida, kikomo cha asilimia 95, mbegu 1965) ulibakiza vijenzi vitano, sawa na muundo uliokusudiwa. Cha sita kilikuwa chini kidogo ya kikomo, na suluhisho la vijenzi sita limewekwa kwenye kiambatisho. Vijenzi vitano vilibeba asilimia 53.7 ya variansi. Vilizungushwa kwa Oblimin. Jedwali linaonyesha uzito wote wa mpangilio na h², likifuatiwa na mahusiano ya vijenzi."

Ni ndefu mara nne kuliko ile ya mwanzo, na sijaona mhariri aliyeikataa kwa urefu. Kwenye kiambatisho ongeza jedwali la mahusiano ya kauli zote 25 kwa desimali tatu. Ni namba 300, zinaingia kwenye ukurasa mmoja uliolazwa, na mtu akiwa nazo pamoja na idadi ya watu anaweza kurudia PCA yako, kubadili mzunguko, au kuendesha uchambuzi wa faktari ambao wewe hukuufanya, bila kukuomba data ya watu waliokujibu.